"Amefika jana" au "alifika jana"?

Nimemwandikia bosi, "Mzigo umefika jana." Amenirudishia karatasi akisema ni kosa. Ni kosa kweli?

Kwa barua ya ofisini na kwa mtihani, mfuate bosi: "Mzigo ulifika jana." Jana imeshakwisha, na kiambishi cha wakati uliokwisha ni -li-. Ila bosi asikuambie kwamba hicho si Kiswahili. Kiambishi -me- hakisemi tu kwamba jambo limetendeka, kinasema pia kwamba hali iliyotokana nalo ipo mpaka sasa. Ndiyo maana utasikia nyumbani, "Mjomba amefika jana," na mjomba mwenyewe yuko sebuleni anakunywa chai. Akishaondoka, sentensi hiyo haikai tena. Tutasema, "Mjomba alifika jana, leo alfajiri akaondoka." Mimi huongeza "na bado yupo" mwishoni nione. Ikikubali, -me- inavumilika katika mazungumzo. Ikikataa, ni -li- tu.

Kwa hiyo naweza kusema "Jana amevaa kanzu nyeupe"?

Hapo sina utetezi. Vaa, lala, kaa, simama na wenzao wakipata -me- hueleza hali ya wakati huuhuu tunaozungumza. Ukisema "amevaa", nageuka kumtazama. Ya jana ni "alivaa", au "alikuwa amevaa" ikiwa ulimkuta kanzu iko mwilini tayari.

Hii "alikuwa amevaa" ina -me- pamoja na jana, na hakuna anayelalamika, kwa sababu wakati umebebwa na "alikuwa". -Me- imebaki na kazi yake ya hali. Na tofauti si ya mapambo. "Nilipopita jana saa nne, duka lilikuwa limefungwa": ulikuta kufuli. "Nilipopita jana saa nne, duka lilifungwa": naona mwenye duka anafunga milango wewe ukiwa pale, na huenda nikauliza alikukimbia kwa deni gani.

Na "mtoto amelala tangu jana"?

Ni sahihi kabisa. "Tangu" imeifanya jana iwe mwanzo tu, na usingizi unaendelea. (Mpelekeni hospitali.)

Mwenzangu husema "Jana hajaja kazini." Nimsahihishe?

Msahihishe. Hajaja maana yake bado, na bado ina mlango wazi: huenda akaja. Jana mlango umefungwa, hawezi tena kuja siku hiyo, basi "Jana hakuja kazini." Akitaka kuibakiza -ja-, arudi kwenye mbinu ileile: "Mpaka jana jioni alikuwa hajaja." Ajabu ni kwamba hata majirani zangu wanaosema "amefika jana" bila wasiwasi, wakikanusha husema wenyewe "hakufika jana", bila kufundishwa na mtu.