Tarakimu sita za pili

"Hii kuthibitisha mara mbili ni nini, na inazuia wezi gani?"

Baada ya nenosiri unaombwa tarakimu 6 zinazotokea kwenye simu yako. Binamu yangu hapa Kondele alitumia nenosiri moja kila mahali. Likavuja, mwizi akalijaribu kwenye barua pepe yake, akakwama kwenye tarakimu. Wiki iliyofuata binamu akapigiwa simu: "Nisomee hizo namba nikusaidie." Akasoma, akaunti ikaenda! Ukurasa bandia nao hunasa tarakimu vivyo hivyo. Na mwizi akihamishia laini yako kwenye kadi yake, ujumbe wenye tarakimu unamfuata yeye. Ndiyo maana napendelea Google Authenticator, programu inayotoa tarakimu ndani ya simu yenyewe bila ujumbe.

– Mimi laini yangu ina PIN, si inatosha?

Hiyo husaidia simu ikiibwa, ndugu. Laini ikihamishwa haizuii kitu.