Nyayo kubwa kwenye picha zisikufanye utoe hela

Dodoma sa hivi kila aliyemaliza ukuta anatafuta mbwa wa ulinzi, na biashara yenyewe inafanyika Watsap, unatumiwa picha ya mtoto wa mbwa na maneno "cheki nyayo hizo, hili litakuwa jibwa". Mi nimefuga muda, na picha peke yake siiamini kabisa.

Kwanza simu yenyewe inadanganya. Ukiisogeza karibu na kuishusha chini, kilichoko mbele kinavimba, kwa hiyo nyayo zinakuwa za simba, ukimpiga huyohuyo kwa juu unapata kichwa kikubwa na vimiguu. Masikio nayo yanakuonyesha kidogo asili yake, siyo ukubwa, na hata Jemani shepadi yakishasimama yanaweza kulala tena kipindi anabadilisha meno. Afu kuna mbwa aliyekosa chakula, mwili umebaki nyuma ila kichwa na miguu vinaonekana vikubwa, na tumbo la minyoo linamfanya aonekane kanenepa (wauzaji wanalipenda sana hilo tumbo).

Cha kuuliza ni umri na kilo, ila umri usiambiwe, omba picha ya meno, mdomo umefunuliwa vizuri.

Jirani yangu wa Nkuhungu alitumiwa mmoja, masikio wima, nyayo hizo, anaambiwa ana miezi miwili na kilo 7. Sasa miezi miwili kwa kilo 7 hilo ni jitu kweli, Jemani shepadi mzuri wa umri huo ndo yuko hapo, anaweza kufika kilo 30 na zaidi. Nikamwambia omba meno. Picha ikaja, meno madogo ya mbele yote yameshabadilika, mapana na meupe, chonge bado zile za utotoni nyembamba kama sindano. Meno ya mbele yanaanza kutoka kwenye miezi mitatu na nusu hivi, chonge zinafuata mwezi wa tano au wa sita, kwa hiyo huyo alikuwa na miezi minne na kitu. Mbwa wa saizi ya kati akiwa na miezi minne anakuwa karibu nusu ya uzito wake wa ukubwani, so zidisha mara mbili, unapata kilo 14 hivi, yaani saizi ya mbwa wetu wa kienyeji.

Hiyo hesabu nayo ni ya kukadiria tu. Mbwa wa mbegu ndogo kwa umri huo kashavuka nusu, wa mbegu kubwa hajafika na anaendelea kukua mpaka mwaka na zaidi, na aliyekuwa na njaa kilo zake za leo zinakupunja. Ndo maana ukiweza nenda ukamwone mama yake, na baba kama anajulikana, japo mitaani kwetu baba ni bahati.

Jirani alishusha bei akamchukua hivyohivyo. Sa hivi kashakomaa, ana kilo 17, na anabweka hatari.