Bomba moja la jikoni linatoa maji kidogo

*Fundi, bomba la sinki la jikoni limeanza kutoa maji membamba tangu maji yaliporudi baada ya kukatika siku mbili. Bafuni maji yanatoka vizuri. Nimeshauriwa ninunue pampu. Ninunue?*

Usinunue, ndugu yangu. Pampu husukuma maji ya nyumba nzima, na bafuni umeshaona kwamba msukumo upo. Hitilafu iko kati ya mahali bomba la jikoni linapochepuka na mdomo wa bomba lenyewe. Maji yakikatika kisha yakarudi kwa nguvu, hung'oa kutu na mchanga uliotulia ndani ya mabomba, na uchafu huo hukwama kwenye tundu dogo kuliko yote njiani. Mara nyingi hilo ni kichujio cha mdomoni, kile kipande chenye wavu kinachochanganya maji na hewa.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Fungua bomba mpaka mwisho, ujaze chupa ya lita 1 huku ukihesabu sekunde. Tuseme imejaa kwa sekunde 30: hizo ni lita 2 kwa dakika, na ni kidogo mno kwa sinki. Iandike namba hiyo, kwa sababu jicho hudanganya.

Sasa ziba tundu la sinki kwa kitambaa, vipande visije vikatumbukia. Zungusha kichujio kinyume cha mwendo wa saa, ukikitazama kutoka chini. Kikigoma, kifunge kitambaa kwanza ndipo ushike kwa koleo, usije ukakikwaruza. Kumbuka mpangilio wa vipande na mpira wake. Bila kukirudisha, jaza chupa tena. Ikijaa kwa sekunde 6 au 7, umempata mwizi. Suuza wavu kwa kuupitishia maji kutoka upande wa nyuma; kama una ukoko mweupe wa chokaa, uloweke kwenye siki kwa saa moja, kisha usugue kwa mswaki wa zamani.

Ikibaki sekunde 30 hata bila kichujio, inama chini ya sinki utafute koki ya kufungia maji. Huenda mtu aliifunga maji yalipokatika, akaifungua nusu tu. Ile ya mkono mfupi huwa wazi mkono unapolala sambamba na bomba. Ile ya kuzungusha, izungushe hadi mwisho kisha uirudishe kidogo, isije ikaganda. Ukisikia mlio wa kuvuma hapo maji yanapopita, njia bado ni nyembamba. Koki ya zamani huweza kuvunjika kilango chake ndani: mkono unazunguka vizuri, lakini kilango kimebaki chini. Hiyo hubadilishwa, baada ya kufunga koki kuu.

Siku bafuni nako kukipungua, anzia kwenye koki kuu, iliyo karibu na mita.