Barua ya kuomba chumba cha stadi hospitalini: kwa wakufunzi wapya wa uuguzi

Ukishapangiwa kusimamia wanafunzi wa uuguzi na ukunga wodini, utaliona tatizo mapema. Midoli na mikono ya mpira ya kuchomea dripu iko chuoni, wanafunzi wako hospitalini. Mwanafunzi aliyefundishwa kanula mwezi uliopita anaigusa tena leo, na safari hii mkono ni wa mgonjwa. Suluhisho ni chumba kidogo ndani ya hospitali, karibu na wodi, cha kurudia stadi kabla ya kuingia kwa mgonjwa. Hospitali si ya chuo, kwa hiyo chumba kinaombwa kwa barua.

Nimeona barua nyingi za aina hii zikiishia kwenye faili. Nyingi zinafanana: kurasa mbili za umuhimu wa elimu, kisha mstari mmoja usemao "tunaomba chumba pamoja na vifaa mbalimbali". Mganga Mfawidhi hawezi kuidhinisha "vifaa mbalimbali". Hajui ni vingapi, vinatoka stoo ipi, wala nani atavijibia mkaguzi akija.

Kwanza jua barua inapita wapi. Itapokelewa masjala na kupelekwa kwa Mganga Mfawidhi, naye ataandika pembeni maneno machache na kuishusha kwa Katibu wa Afya. Huyo ndiye anayejua vyumba, funguo na samani, na jibu lako kwa kiasi kikubwa litatokana na maoni yake. Kwa hiyo mwone kabla hujaandika. Mwone pia Muuguzi Mfawidhi, kwa sababu wanafunzi wako wako chini ya macho yake kila siku, na akiulizwa "hawa wanasumbua?" jibu lake linaweza kukifunga chumba kabla hakijafunguliwa. Mwombe Katibu akuonyeshe chumba kisichotumika, mkitembelee wote wawili, na uende na futi ya kupimia.

Futi ina maana yake. Tuseme umeonyeshwa stoo ya zamani nyuma ya wodi ya wazazi, mita 5 kwa mita 4. Kwa macho inaonekana kubwa. Lakini kitanda cha wodini kina urefu wa kama mita 2 na upana wa karibu mita 1, na wanafunzi wanahitaji kama mita moja ya kusimama kila ubavu na miguuni. Hiyo ni mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9 kati ya 20 ulizonazo. Zilizobaki zinatosha meza moja ya mdoli wa mtoto mchanga na meza nyingine ya mkono wa dripu. Hapo wanafunzi 12 watafanya kazi bila kukanyagana. Ukiingiza 24, nusu watakuwa watazamaji. Kama darasa lina wanafunzi 48, una makundi manne, na makundi manne ni alasiri nne kwa wiki. Hesabu hii ifanye kabla ya barua, maana ratiba yote inatoka humo.

Ukiwa chumbani angalia pia maji, soketi, mwanga na kitasa. Koki isipokuwepo, ndoo yenye koki na beseni inatosha kwa kunawa. Kitasa kibovu hakina mbadala.

Sasa barua yenyewe. Wewe unaiandaa, lakini anayesaini ni Mkuu wa Chuo. Barua ya mkufunzi peke yake kwenda kwa Mganga Mfawidhi itarudishwa, na utaonekana umeruka ngazi. Kwa chumba nilichokitolea mfano, ingeandikwa hivi:

MGANGA MFAWIDHI,
HOSPITALI YA WILAYA.

YAH: MAOMBI YA KUTUMIA STOO ILIYO NYUMA YA WODI YA WAZAZI KAMA CHUMBA CHA STADI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Chuo kina wanafunzi 48 wa mwaka wa pili wanaofanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali yako. Wakiwa wodini hawana mahali pa kurudia stadi za kuchoma kanula na kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yake wauguzi wa zamu hulazimika kuwaelekeza mbele ya mgonjwa, kazi zikiwa zimewazidi.

3. Chuo kinaomba kutumia stoo tajwa, yenye mita 5 kwa 4, ambayo kwa sasa ina vitanda vinne vibovu. Chuo kitagharamia rangi, taa na kitasa. Vitanda vitahamishiwa mahali ambapo Katibu wa Afya ataelekeza.

4. Chumba kitatumiwa na wanafunzi 12 kwa wakati mmoja, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 8:00 mchana hadi saa 10:00 jioni, baada ya kazi za asubuhi wodini. Mkufunzi atakuwepo muda wote. Ijumaa na muda mwingine wowote chumba na vifaa vitakuwa kwa matumizi ya watumishi wa hospitali.

5. Chuo kitaleta midoli mitatu ya mtoto mchanga pamoja na ambu zake, mikono miwili ya mpira, kanula 100 na glavu. Kwa hospitali tunaomba kuazimwa kitanda kimoja, meza mbili na stendi moja ya dripu, vitakavyoorodheshwa na kusainiwa. Tunaomba pia sanduku la kutupia sindano na ruhusa ya kuliteketeza pamoja na taka za hospitali.

6. Hospitali ikihitaji chumba hiki kwa huduma, chuo kitakiachia baada ya taarifa ya siku 30.

Nawasilisha.

Nakala: Katibu wa Afya, Muuguzi Mfawidhi.

Angalia aya ya tano. Kanula 100 hazikutoka hewani: wanafunzi 48, kila mmoja mbili, ni 96. Midoli mitatu ni kwa sababu mezani watakuwepo sita kwa zamu, wakifanya wawili wawili, mmoja akipumulisha na mwenzake akihesabu na kumkosoa. Mdoli wa NeoNatalie, ambao vyuo vingi wanao, hujazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto kweli. Ndiyo maana koki iwe karibu. Katibu akikuuliza "kwa nini tatu?" uwe na jibu la sentensi moja.

Sehemu inayoshawishi kuliko zote ni ile ya Ijumaa. Wengi huiacha. Mganga Mfawidhi hapimwi kwa ufaulu wa wanafunzi wako, anapimwa kwa vifo vya akina mama na watoto. Na hapa una ushahidi wa nyumbani. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mwaka 2010 mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto apumue. Wakipimwa kwa mdoli baadaye walifanya vizuri kuliko mwanzo, lakini ndani ya leba utendaji haukubadilika. Mabadiliko yalikuja pale mazoezi yalipokuwa mafupi, ya mara kwa mara, na yakafanyika hapohapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Mazoezi ya namna hiyo yanahitaji mdoli ulio hatua chache kutoka leba. Mkuu wa Chuo akipata nafasi ya kuonana na Mganga Mfawidhi, aanze na hilo. Kwenye barua sentensi moja inatosha, asije akaona anafundishwa kazi.

Usiombe dawa zilizokwisha muda. Najua kishawishi, maboksi yamejaa stoo ya dawa na yanasubiri kuteketezwa tu. Lakini zina utaratibu wake wa kisheria, na mfamasia akikupa kienyeji umemweka matatani. Kanula na sindano zilizopitwa na muda nazo muulize yeye kwanza kabla hujaziandika popote. Vilevile kitanda cha serikali kilichochakaa hakigawiwi kwa mdomo. Omba kuazimwa kwa maandishi, kibaki kwenye daftari la mali la hospitali. Kwa mazoezi ya dawa, chupa tupu zilizojazwa maji ya bomba zinatosha, lebo za asili zikiwa zimebanduliwa.

Hapo kwenye maji pana hatari ambayo lazima uipange tangu mwanzo. Mwaka 2014 huko Marekani, mifuko ya dripu iliyotengenezwa kwa mazoezi tu iliingia kliniki na kutundikiwa wagonjwa. Haikuwa salama kwa mishipa. Watu walipata homa na kutetemeka, wengine wakalazwa. Walioitundika walikuwa wataalamu, na mifuko ilifanana na ya kweli. Sasa fikiria chumba chako kiko mlango wa pili kutoka wodini, usiku, dripu zimeisha. Kila chupa, ambu na seti ya dripu iandikwe kwa wino usiofutika KWA MAZOEZI TU, na upake mkanda wa rangi moja ambayo hakuna idara nyingine inaitumia. Ambu ndiyo huazimwa kuliko chochote. Ya mazoezi imepita midomoni mwa midoli na mikononi mwa darasa zima, haikutakaswa, na muuguzi anayekimbia hataangalia. Kabatini ifungwe kwa kufuli, na ufunguo usiwe na mhudumu wa wodi.

Ufunguo wa mlango wenyewe ni habari nyingine. Weka miwili: mmoja kwa mkufunzi, mmoja kwa Muuguzi Mfawidhi, na daftari la kusaini mlangoni. Chumba kisicho na daftari utakikuta kimerudi kuwa stoo: kwanza godoro moja, kisha mashine ya oksijeni mbovu, halafu huwezi kufungua mlango. Dalili ya mapema ni hiyo ya godoro. Likiingia, mwandikie Katibu siku hiyohiyo, kwa upole, ukirejea kumbukumbu namba ya barua ya kukubaliwa.

Kuhusu muda: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Maombi ya chumba na kuazima samani yanaweza kwenda mwezi wowote kwa sababu hayana fedha. Kama kuna kitu hospitali itatakiwa kununua, kitenganishe kwenye barua nyingine na ukipeleke wakati wanapanga mwaka ujao. Ukichanganya vyote, chumba kitasubiri bajeti bila sababu.

Mara nyingi jibu la kwanza huwa nusu: chumba ndiyo, kitanda hapana. Kubali, andikeni makubaliano, ingia na meza mbili kutoka chuoni. Mdoli wa mtoto na mkono wa dripu havihitaji kitanda. Baada ya mwezi mmoja mpelekee Katibu nakala ya daftari la mlangoni, ikiwa na saini za wauguzi wa leba waliokuja kufanya mazoezi Ijumaa, na uombe kitanda tena.