Kubusti posti za ofa ya Idi: tarehe za kuanza na kumaliza

"Wakuu, nina duka la nguo na posti sita za ofa ya Idi. Nikitaka kubusti, tarehe za kuanza na kumaliza nizipangeje ziendane na posti zenyewe?"

Mkuu, anzia mwisho. Tafuta siku ya mwisho ambayo mteja akiona tangazo bado ataipata nguo kabla ya sala ya Idi. Mimi nauza kanzu na madira Kariakoo, na siku hiyo kwangu ni mbili. Mteja wa Dar huja dukani hadi usiku wa mwezi kuandama. Wa Mwanza namtumia kwa basi, na mzigo unaofika stendi baada ya mfungo 26 siuahidi. Kwa hiyo tangazo la mikoani nalifunga mfungo 25 usiku, la Dar mfungo 29 saa 5 usiku. Mwezi usipoonekana, nasogeza tarehe ya Dar siku moja na kuongeza hela kidogo, maana fungu la mwanzo linakuwa limeshatumika. Hiyo ni nafuu kuliko kulipia tangazo linalotembea Idi yenyewe.

Kitufe cha Boost post cha Facebook hakinitoshi kwa hili. Naingia Ads Manager, natengeneza ad set mbili, moja ya Dar na moja ya mikoani, zote kwa Use existing post. Posti ni ileile, kwa hiyo laiki na komenti zinabaki sehemu moja. Kila ad set inapewa Lifetime budget, yaani fungu moja la hela kwa kipindi chote, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Sasa mwanzo. Naposti bure mfungo 18, tangazo linaanza mfungo 20. Katikati hapo wafuasi wangu wanauliza bei na saizi, narekebisha maelezo mapema, kwa sababu ukiyagusa tangazo likishaanza, ama unazuiwa ama linarudi kukaguliwa. Ukaguzi wenyewe mara nyingi huisha ndani ya saa 24, ila unaweza kuzidi.

Posti sita usizibusti zote. Lipia moja au mbili zenye bei, picha na mahali ulipo. Ile ya "zimebaki siku 3" iache bure kabisa: ukiibusti, keshokutwa bado itazunguka ikisema siku 3, na mtu atakuuliza kwa haki kabisa. Zile za bure zipange ziendelee kutoka tangazo likiwa hewani, maana anayebonyeza huja kuchungulia ukurasa kama duka lipo hai.

Halafu angalia majira ya saa ya akaunti ya matangazo. Ikiwa imesajiliwa kwa saa za Los Angeles, ukiandika 23:59 tangazo litakufa saa 4 au saa 5 asubuhi ya kesho yake huku kwetu, kutegemea msimu wao. Na hiyo saa 5 usiku ya Dar, kwenye saa za Afrika Mashariki, unaiandika 23:00.