Miaka miwili yake, miaka mitatu yangu

Swali: Mtoto wetu ana miezi saba. Mume wangu anasema tupishanishe watoto miaka miwili, mimi nasema mitatu. Kila tukiligusa hili tunalala tumegeuziana migongo.

Jibu: Ulizaneni kwanza kila mmoja anahesabu nini. Huenda yeye anamaanisha mtoto akitimiza miaka miwili ndipo muanze kutafuta mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi mimba inayofuata. Ongeza miezi tisa, watoto wanapishana miaka miwili na miezi tisa. Wewe pengine unahesabu umri wa mkubwa siku mdogo anapozaliwa. Kama ndivyo, mnagombania miezi mitatu.

Na kama tofauti ni kubwa kuliko hapo, shikeni kwanza ile miezi 24 inayoshauriwa. Chagueni njia ya uzazi wa mpango inayotoka siku mnayotaka, kijiti au kitanzi. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Mtoto akifika miaka miwili, kaeni tena muongee. Siku hiyo ukiwa bado hujawa tayari, yeye ndiye asubiri, maana mimba haibebwi kwa zamu.

Swali: Mke wangu alichoma sindano ya mwisho Februari. Sasa ni Septemba, hajashika mimba, na mama anasema sindano imemharibu. Tumeanza kulaumiana.

Jibu: Sindano ya Februari ilimkinga hadi Mei, kwa hiyo mmesubiri miezi minne tu. Dawa yake hutoka mwilini taratibu: kwa wastani mimba huingia miezi kama kumi baada ya sindano ya mwisho, na wengine huchelewa zaidi. Hajaharibika. Mama mwonyeshe kadi ya kliniki yenye tarehe, umweleze wewe, si mkeo. Mkifika mwaka na nusu tangu sindano ya mwisho bila mimba, nendeni hospitali wote wawili, nawe upimwe.

Swali: Mume wangu hataki kusikia habari za uzazi wa mpango. Naweza kuweka kijiti kimyakimya?

Jibu: Unaweza, na nesi hapaswi kukudai saini ya mume. Ila kijiti hukaa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, na vidole vikipita hapo vinakihisi. Hedhi nayo hubadilika, iwe matone ya mara kwa mara au kukosa kabisa. Ukiogopa kupigwa, usimwambie. Mweleze nesi akusaidie kuchagua njia isiyoonekana.

Kama ni ubishi tu, muulize anaogopa nini hasa. Namkumbuka baba mmoja aliyeamini kijiti husafiri hadi moyoni. Nesi hakubishana naye, alimpa cha mfano ashike: kiplastiki laini, urefu kama njiti ya kiberiti. Alikipindapinda kwa dakika nzima, kisha akauliza kinatolewaje.