Maswali na Majibu: Fedha Zimetolewa Bila Idhini Yako, Barua kwa Benki Isemeje?

Wiki hii nimechagua maswali ya wasomaji wenzetu wanaoishi Marekani, ambako sheria inaipa barua ya aina hii uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Dola 400 zimetolewa kwenye mashine ya ATM nisiyoijua, na kadi ninayo mfukoni. Nimeshapiga simu benki. Barua ya nini tena?

Simu imefungua shauri, lakini benki inaruhusiwa kukutaka uthibitishe kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi. Usipofanya hivyo, uchunguzi unaweza kuendelea bila wewe kupewa rejesho la muda, yaani fedha unazorudishiwa wakati benki bado inachunguza, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia, kwa sababu wanamwamini mtu wa simu aliyewaambia kwamba "tunalishughulikia" wala hawaandiki kitu.

Tuseme fedha zilitoka Jumamosi tarehe 1 Machi 2025, nawe ukaliona jambo hilo na kupiga simu Jumatatu tarehe 3. Barua yako, ambayo utaiandika kwa Kiingereza, ianze na jina lako, namba ya akaunti na tarehe ya simu ile. Kisha itaje tarehe, kiasi na mahali fedha zilipotolewa, kama vilivyoandikwa kwenye taarifa ya akaunti. Baada ya hapo useme wazi, ikiwa ndiyo kweli, kwamba hukutoa fedha hizo, hukumruhusu mtu yeyote kuzitoa, hukunufaika nazo, na kwamba kadi haijatoka mikononi mwako. Sentensi hiyo ndiyo moyo wa barua, maana sheria inautambua utoaji usioidhinishwa kwa mambo hayo ya idhini na manufaa. Mwisho, omba uchunguzi kwa mujibu wa Kanuni E, yaani kanuni za serikali kuu kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki, na useme kwamba usipokamilika ndani ya siku 10 za kazi, yaani hadi Jumatatu tarehe 17 Machi, unaomba kiasi hicho kirejeshwe kwa muda. Namba yako ya siri usiiandike popote, na ubaki na nakala pamoja na uthibitisho kwamba barua imepokelewa.

Wakishanirudishia, naweza kuzitumia?

Unaweza, lakini bado si zako moja kwa moja. Benki iliyotoa rejesho la muda hupata hadi siku 45 kumaliza uchunguzi, ambazo kwa mfano wetu zinaishia tarehe 17 Aprili, au siku 90 ikiwa fedha zilitolewa nje ya Marekani. Ikiamua kwamba hakukuwa na kosa, itakuarifu na kuzichukua tena. Ukiwa umeshazituma zote nyumbani, akaunti itaingia kwenye deni.

Benki imekataa dai langu. Inasema namba sahihi ya siri ilitumika. Nimeshindwa?

Hujashindwa. Sheria ya mwaka 1978 inayosimamia uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki inaitaka benki ndiyo ithibitishe kwamba utoaji uliidhinishwa, na namba ya siri peke yake haithibitishi hivyo, kwa kuwa wezi huinasa kwa kamera ndogo huku kifaa kilichobandikwa kwenye mdomo wa mashine kikinakili ukanda wa sumaku wa kadi. Andika barua ya pili ukiomba nakala za nyaraka zote walizozitegemea, haki ambayo sheria inakupa, na uulize hasa kama mashine ilisoma chipu au ukanda huo. Jibu likiwa ni ukanda, dai lako la kadi kunakiliwa limepata nguvu. Ambatisha pia ushahidi wa mahali ulipokuwa saa ile, kwa mfano karatasi ya zamu kazini. Wakishikilia msimamo wao, peleka malalamiko kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha.

Nilimpa shemeji kadi na namba ya siri atoe dola 60, akatoa 300. Niandike barua hiyohiyo?

Usiiandike. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni lilelile: ukimkabidhi mtu kadi na namba, sheria inahesabu kwamba umemruhusu, hata akizidisha, mpaka utakapoiarifu benki kwamba hana idhini tena. Iarifu leo, kisha mdai shemeji yako. Kuidanganya benki kwa maandishi kunaweza kukufikisha mahakamani, na ninawasihi wasomaji waache kabisa desturi hii ya kuazimana kadi.

Nimegundua sasa, miezi minne baadaye. Bado naweza kudai?

Muda wa kudai rejesho la muda ni siku 60 tangu taarifa ya akaunti yenye kosa ilipotumwa, na kwako umepita. Hata hivyo andika leo hii, kwa sababu mipaka ambayo sheria inaiwekea hasara inayokuangukia bado inazihusu fedha zilizotoka kabla ya siku hizo kwisha, ilhali zilizotoka baada yake, ambazo ungeweza kuzizuia kwa kuiarifu benki mapema, zinaweza kukupotea zote.